Mipira ya kuvuta na ketobeli moja: vinatosha kupunguza mafuta nyumbani?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, urefu sentimita 162, uzito kilo 86. Naishi ghorofa ya pili Tabata, kazi yangu ni ya kukaa ofisini na jimu ziko mbali. Nataka vifaa vya bei nafuu: mipira ya kuvuta na ketobeli moja tu, lile tufe la chuma lenye mshikio juu. Vinatosha kupunguza mafuta, hasa ya tumbo? Ninunue uzito gani na nifanye mazoezi gani?"

Vinatosha, dada, mradi ujue vinafanya kazi gani na kazi gani haviwezi kukufanyia. Nianze na hesabu, kwa sababu asiyeijua hukata tamaa mwezi wa pili akidhani amenunua vifaa vibovu.

Kwa umri, urefu na uzito wako, mwili unatumia takriban kalori 1,500 kwa siku hata ukishinda kitandani. Ongeza safari ya kazini, ngazi na shughuli za nyumbani, utafika kama 2,100. Kipindi cha dakika 25 cha ketobeli na mipira, mapumziko yakiwemo, kinaongeza kama kalori 180 juu ya zile ambazo ungetumia ukiwa umekaa. Ukifanya mara tatu kwa wiki unapata 540. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kwa hiyo mazoezi peke yake, bila kugusa chakula, yanaondoa kama gramu 70 za mafuta kwa wiki. Soda moja ya nusu lita ina kalori zipatazo 210, na inafuta kipindi kizima ulichotokwa jasho.

Mafuta yatapungua hasa jikoni. Ketobeli na mipira vina kazi nyingine ambayo chakula hakiwezi: kulinda misuli. Unapokula pungufu, mwili hauchomi mafuta tu, unakula na misuli pia. Kwa mtu anayejinyima bila mazoezi ya uzito, sehemu ya kilo anazopoteza, mara nyingi kama robo, si mafuta. Anaonekana kwenye mizani amepungua, lakini nguvu imeshuka, ngozi imelegea, na akirudia kula kama zamani kinachorudi ni mafuta. Misuli inayopewa mzigo kila baada ya siku mbili hubaki. Ndiyo maana sitakupangia kurukaruka mpaka upumue kwa shida. Nitakupangia mazoezi machache yanayobebesha miguu, makalio, mgongo, kifua na mikono mzigo unaopimika.

Kuhusu tumbo: hakuna zoezi linalochagua mafuta ya mahali fulani. Misuli ya tumbo ikifanya kazi haivuti mafuta yaliyo juu yake, inatumia nishati inayoletwa na damu kutoka mwili mzima. Mwili wako ndio unaoamua uanze kupungua uso, mikono au kiuno, na uamuzi huo unategemea urithi na homoni. Kiuno kitafuata, ila kwa ratiba yake.

Sasa ununuzi. Chukua ketobeli ya kilo 12. Wauzaji wengi wakimwona mwanamke anayeanza humpa ya kilo 6 au 8, na hapo wanakosea. Miguu na makalio yako yanabeba kilo 86 kutwa nzima, hivyo kilo 8 zitakuwa nyepesi kwao kabla mwezi haujaisha. Ni kweli kilo 12 zitakuwa nzito kuinua juu ya kichwa kwa mkono mmoja, lakini kazi hiyo tutaipa mipira. Mwanamume anayeanza, asiye na maumivu ya mgongo, mara nyingi anafaa kilo 16. Uzito huo una asili yake: ketobeli ilitoka Urusi, ambako ilipimwa kwa pudi, na pudi moja ni kilo 16 na kidogo.

Chagua ya chuma kitupu kilichomiminwa kipande kimoja. Zile za plastiki zilizojazwa saruji ni rahisi, ila kwa uzito uleule zinakuwa kubwa mno: zinagonga mapaja unapozibembeza, na mshikio ukilegea hakuna fundi wa kuurudisha. Ukiwa dukani, ingiza mikono yote miwili kwenye mshikio. Vidole vidogo vikibanana, iache. Kisha pitisha kidole upande wa ndani wa mshikio, mahali ambapo chuma kilimiminwa kwenye kalibu. Mara nyingi pana mstari mdogo wenye makali, na huo ndio unaochana viganja. Ukiwa mdogo unasuguliwa nyumbani kwa msasa, ukiwa mkubwa tafuta nyingine. Kitako kiwe bapa, kisitikisike sakafuni. Na kama kuna duka la nafaka jirani, omba uiweke kwenye mizani, kwa sababu namba iliyoandikwa na uzito halisi havipatani siku zote.

Kwa mipira, nunua ya duara ndefu, ile ambayo ukiilaza inafika kama sentimita 104 kutoka ncha hadi ncha. Chukua miwili: mmoja wa upana wa milimita 13 na mwingine wa 22 hivi. Usifuate rangi. Kila kiwanda kina rangi zake, na mwekundu wa kiwanda kimoja unaweza kuwa mlaini kuliko wa njano wa kingine. Pima upana kwa rula. Ile midogo ya kuvaa magotini unaweza kuiacha kwa sasa, na fedha hiyo iende kwenye ketobeli.

Mpira unahitaji mahali pa kufungwa, na hapo ndipo ajali hutokea. Nondo za dirisha zinafaa sana ikiwa zimejengewa ukutani, lakini chuma kilichokatwa au chenye kutu kina meno yanayokata mpira kidogo kidogo bila wewe kuona. Zungushia kitambaa kizito, taulo kuukuu kwa mfano, kisha pitisha mpira juu yake. Ukitumia mlango kwa ule mkanda wenye kidonge cha sponji, simama upande ambao kuvuta kwako kunaufunga mlango, wala si kuufungua, na uuweke mkanda upande wa bawaba. Funga na kitasa. Mwambie kila mtu wa nyumbani asifungue.

Mpira mwingi wa aina hii ni lateksi, yaani mpira wa utomvu, na maadui zake ni jua, joto na mafuta. Kwa Dar, ukiuacha ukining'inia dirishani unapopigwa na jua la mchana, hautadumu. Uweke kabatini, usiushike ukiwa umejipaka losheni, uoshe kwa maji matupu ukilowa jasho na uuanike kivulini. Kabla ya kila kipindi uvute taratibu mbele ya mwanga na uukague pande zote. Kipasuko kidogo cha ukingoni, au sehemu iliyopauka na kukakamaa, ni ishara ya kuutupa. Mpira unaokatika ukiwa umevutwa hurudi kwa kasi ya kuumiza jicho, kwa hiyo usiuvute kuelekea usoni kama una shaka nao, na usiuvute zaidi ya mara mbili na nusu ya urefu wake. Ukiona ngozi inavimba au kuwasha ulipogusa, huenda una mzio wa lateksi. Tafuta ya kitambaa au isiyo na lateksi.

Tuje kwenye zoezi lenyewe ambalo ketobeli imetengenezewa: kuibembeza kwa mikono miwili kutoka katikati ya mapaja hadi usawa wa kifua. Tuliite bembea. Linatumia makalio, nyuma ya mapaja na mgongo kwa pamoja, linapandisha mapigo ya moyo haraka, na miguu haiondoki sakafuni, jambo jema kwa magoti yako na kwa jirani wa ghorofa ya kwanza. Lakini ndilo linaloumiza watu mgongo, kwa sababu wanalianza siku ya kwanza. Usilifanye wiki mbili za mwanzo. Wiki hizo ni za kujifunza kuinama kwa nyonga.

Simama ukiupa ukuta mgongo, visigino vikiwa hatua fupi kutoka ukutani. Legeza magoti kidogo, kisha peleka makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, kifua kikishuka chenyewe. Magoti yasisogee mbele. Utasikia nyuma ya mapaja pakivutika. Hapo ndipo penyewe. Sogea mbele sentimita chache urudie, mpaka ufike mahali unapogusa ukuta kwa shida. Kisha shika fimbo ya ufagio nyuma, iguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa juu ya makalio. Ukiinama na fimbo ikaachana na mojawapo ya sehemu hizo tatu, mgongo umepinda. Watu wengi hupoteza ile ya chini: wameinama kwa kiuno, si kwa nyonga.

Mpira unasaidia hapa kuliko maelezo yangu. Ufunge chini, usawa wa kifundo cha mguu, uupe mgongo, uupitishe katikati ya miguu na uushike kwa mikono yote miwili. Tembea mbele mpaka ukaze. Mpira wenyewe utavuta makalio yako nyuma, nawe unachotakiwa kufanya ni kuyarudisha mbele kwa nguvu hadi usimame wima. Ndiyo bembea ileile, ila hakuna chuma kinachoruka. Fanya 15, seti tatu, kila kipindi cha wiki hizo mbili. Sambamba na hilo, weka ketobeli kati ya visigino, inama kwa nyonga, ishike na usimame nayo. Rudia mara 10, seti tatu.

Ukiweza kufanya hayo na asubuhi yake ukajisikia umechoka makalio na nyuma ya mapaja, wala si kiuno, uko tayari. Weka ketobeli mbele yako umbali wa urefu wa unyayo mmoja. Miguu ipite kidogo upana wa mabega. Inama kwa nyonga, shika mshikio, ivute iegemee upande wako, na ukaze misuli ya chini ya kwapa kana kwamba unabana gazeti. Irushe nyuma katikati ya mapaja, juu, karibu na kinena. Mikono ikigusa mapaja, simama kwa nguvu: magoti yanyooke, makalio yakaze, tumbo likaze kama mtu anayetegemea kupigwa ngumi. Toa pumzi kwa mkato. Ketobeli itapanda yenyewe mpaka usawa wa kifua au chini yake kidogo. Mikono ni kamba tu. Inaposhuka usiikimbilie kuinama. Subiri mikono ikaribie kugusa mbavu, ndipo upeleke makalio nyuma. Ukimaliza, iache ipite nyuma mara ya mwisho na uitue mbele yako kwa mgongo ulionyooka. Watu wengi hufanya mara kumi vizuri kisha wakaumia wakati wa kuitua.

Mwili wako utakuambia unakosea wapi. Mbele ya mapaja pakiwaka moto, unachuchumaa badala ya kuinama kwa nyonga. Angalia, ketobeli itakuwa inapita chini ya magoti. Mabega yakichoka kwanza, unaiinua kwa mikono. Kuna kipimo kizuri kwa hilo: pitisha taulo ndogo kwenye mshikio, shika ncha zake mbili na ubembeze kidogo, mara tano. Taulo na ketobeli vikinyooka pamoja kwenye mstari wa mikono, nguvu inatoka nyongani. Ketobeli ikining'inia chini huku taulo likipinda, mikono ndiyo inayofanya kazi. Kiuno kikiuma upande wa nyuma, ama unaegemea nyuma ukifika juu, ama unainama mapema mno na uzito unakuvuta. Vidole vya miguu vikiinuka au visigino vikipepea, vua viatu. Viatu vya kukimbilia vyenye soli nene na laini havifai. Miguu mitupu au raba za soli bapa ndizo salama. Na kwa joto la kwetu, kausha viganja kila raundi. Mshikio uliolowa jasho ukiteleza, chuma cha kilo 12 kinaelekea mbele, kwa hiyo mbele yako pasiwe na televisheni, kioo wala mtoto.

Bembea haimalizi kila kitu. Haina kusukuma, na kuvuta kwake si kule kunakojenga mgongo wa juu, ambao kwa mtu wa kompyuta ndio uliolegea. Kuvuta kunafanywa na mpira. Ufunge usawa wa kitovu, rudi nyuma mpaka ukaze kidogo, vuta viwiko vipite mbavu, tua sekunde moja, rudisha taratibu. Kumbuka mpira ni mlaini mwanzoni na mzito mwishoni, tofauti na chuma ambacho uzito wake haubadiliki. Kwa hiyo faida iko pale mwisho, na anayeurudisha kwa kuuachia ghafla anajinyima nusu ya zoezi. Ukishindwa kufikisha viwiko mbavuni, usijipinde kiuno ili ufike. Sogea mbele nusu hatua. Kwa kusukuma, anza na pushapu ukiwa umeegemea meza imara au kaunta ya jikoni, mara 8. Ikiwa rahisi, hamia kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, kisha sakafuni kwa miezi ijayo. Kwa kuinua juu ya kichwa, kanyaga mpira mwembamba, uushike mabegani na uusukume juu.

Kuchuchumaa ni kwa ketobeli. Ikumbatie kifuani kwa kuishika pembeni mwa mshikio, kaa taratibu mpaka uguse kiti, kisha simama bila kujitupa. Kiti kinakupa kina kilekile kila mara. Goti likiuma mbele, ongeza mto juu ya kiti ili usishuke sana, na uhakikishe magoti yanaelekea upande wa vidole badala ya kuangukia ndani. La mwisho ni kubeba: ishike ketobeli mkono mmoja kama ndoo ya maji, tembea hatua 40 chumbani bila kuegemea upande, badilisha mkono. Hilo linafanyisha kazi pembeni mwa tumbo kuliko kujikunjakunja sakafuni.

Kipindi cha wiki ya tatu kitakuwa hivi. Dakika tano za kupasha mwili: kutembea papo hapo, kuinama kwa nyonga bila uzito, kuvuta mpira mwembamba mbele ya kifua kwa mikono iliyonyooka. Kisha weka saa ya simu. Kila dakika inapoanza, bembea mara 10. Zitakuchukua chini ya sekunde 20, zilizobaki pumzika ukitembea. Fanya dakika 8, jumla mara 80. Baada ya hapo dakika 12 za mzunguko: kuchuchumaa mara 8, kuvuta mpira mara 12, pushapu za meza mara 8, kubeba hatua 40 kila mkono. Pumzika kadiri unavyohitaji, zunguka mara tatu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine tembea dakika 30 hadi 40, asubuhi kabla jua halijakolea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, na ratiba hii inakufikisha.

Kipimo cha kasi ni mdomo. Kabla dakika mpya haijaanza uweze kusema sentensi fupi bila kukatika pumzi. Usipoweza, punguza hadi mara 8, au acha dakika moja ipite bila bembea. Bembea ya mtu aliyechoka huharibika kwanza mgongoni, kwa hiyo unasimama pale umbo linapoharibika hata kama saa haijaisha.

Watu huniuliza wataongezaje mzigo wakiwa na chuma kimoja. Kuna njia za kutosha kwa miezi mitatu, ila ufuate mpangilio. Wiki ya nne na ya tano ongeza dakika, kutoka 8 hadi 10, ili ufike bembea 100. Kuanzia wiki ya sita ongeza idadi, mara 12 kisha 15 kwa dakika. Wiki ya tisa, kama umbo ni zuri, jaribu mkono mmoja mara 5 kila upande. Uzito ni uleule lakini mwili unapambana usigeuzwe, na ghafla kilo 12 zinakuwa nzito upya. Kwenye kuchuchumaa, shuka kwa sekunde nne na utue moja chini. Kwenye mpira, rudi nyuma nusu unyayo, na ukifika mara 15 bila shida hamia mpira mpana. Kwenye kunyanyua kutoka sakafuni kilo 12 zitakwisha haraka, hivyo pitisha mpira ndani ya mshikio na uukanyage ncha zote mbili. Utaongezeka uzito unapokaribia kusimama. Usifanye hivyo kwenye bembea, kwani mpira utairudisha ketobeli kwa kasi usiyoitawala.

Upande wa chakula nitagusa mawili tu. Ukilenga kalori 1,600 kwa siku, pungufu ya 500, hesabu inasema karibu nusu kilo kwa wiki. Bila mizani ya jikoni, mahali pepesi pa kupata 500 hizo ni mafuta ya kupikia na vinywaji vitamu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori 120, na mboga ya watu wanne ikipikwa kwa kumimina kutoka kwenye dumu inaweza kumeza vijiko sita bila mtu kujua. Pima kwa kijiko. La pili ni protini, maana misuli unayoibebesha mzigo inahitaji ya kujijengea. Kwako, gramu 100 hivi kwa siku. Yai lina 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kati ya 20 na 25, bilauri ya mtindi kama 8. Sahani ya ugali mkubwa na dagaa wachache igeuze: dagaa wawe wengi, ugali upungue, mchicha ujaze nafasi.

Pima kiuno kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kubana tumbo. Kwa mwanamke, sentimita 80 na kuendelea ni dalili ya hatari kuongezeka, na kuvuka 88 ni hatari kubwa zaidi. Uzito pima asubuhi tatu kwa wiki na uchukue wastani. Wiki mbili za kwanza huenda usishuke hata kidogo, pengine ukapanda kilo moja, kwa kuwa misuli iliyotoka kuuma hushikilia maji. Na siku za kabla ya hedhi nazo zina maji yake. Usibadilishe chochote kwa sababu hiyo. Lakini zikipita wiki nne kamili, kiuno kikawa kilekile na wastani wa uzito uleule, usiongeze bembea. Rudi kwenye kijiko cha mafuta, chai ya sukari na vitafunwa vya ofisini, kwa sababu tatizo liko huko.

Kama una shinikizo la damu lisilodhibitiwa, unatumia dawa za kisukari, una ngiri, ni mjamzito au ulijifungua karibuni, ongea na daktari wako kabla ya bembea. Mwenye dawa zinazoshusha sukari anaweza kuishiwa nguvu katikati ya kipindi. Usizuie pumzi muda mrefu unapoinua. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni kwenda mguuni ni sababu ya kusimama siku hiyohiyo. Mkojo ukivuja wakati wa bembea, jambo linalowapata wanawake wengi waliozaa, rudi kwenye mpira wa katikati ya miguu na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Kuendelea kwa nguvu hakutaliondoa.

Baada ya wiki 12 za kufuata haya, kupungua kilo 4 hadi 6 ni matokeo mazuri kwa hali yako. Ukiweza wakati huo kubembeza kilo 12 mara 15 kila dakika kwa dakika 10, na mara ya 150 ikafanana na ya kwanza, ndipo ununue ketobeli ya pili, ya kilo 16, kwa ajili ya bembea na kunyanyua kutoka sakafuni. Ya 12 ibaki kwa mkono mmoja na kwa kuchuchumaa taratibu.